Mwalimu Akiomba Ruhusa, Watoto Watabaki na Nani?

Nani kati yetu hajapata kuwaona watoto wakirudi nyumbani mchana wakisema, "Leo Hisabati hatukusoma, mwalimu kasafiri"? Mzazi husikitika, kisha hunyamaza. Mwalimu naye ni mtu. Ana mama, ana watoto, huugua na kuuguliwa. Hatuwezi kumwambia asitoke kamwe mpaka shule zifungwe. Lakini tunaweza kumwuliza neno moja: ulipokwenda uliacha nini nyuma yako?

Leo tutazame jinsi mwalimu anavyoomba ruhusa katikati ya muhula, na jinsi anavyopanga masomo yake ili watoto wasipoteze siku. Tuchukue mfano wa mwalimu mmoja kijana katika shule ya msingi ya kijijini. Hatutamtaja jina, kwa maana walimu wa namna yake wako katika kila wilaya ya Tanzania, na wengi wenu mtamtambua.

Mama yake mwalimu huyo anaishi mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, hata akawa hawezi tena kutambua noti wala kwenda kisimani peke yake. Hospitali ikampangia siku ya kupasuliwa, Jumatatu tarehe 13. Siku hiyo haikuweza kungoja likizo ya shule. Mwalimu akahesabu: Jumatano tarehe 8 kusafiri, Alhamisi kumpeleka mama hospitali, Ijumaa kupimwa, Jumatatu kupasuliwa, Jumanne kufunguliwa bendeji na kutazamwa na daktari, Jumatano kurudi nyumbani, Alhamisi kumwonyesha mdogo wake namna ya kumtilia mama dawa ya matone, na Ijumaa tarehe 17 kurejea. Jumla ni siku 8 za shule.

BARUA YA KWANZA

Akaandika barua fupi. Alisema anaomba ruhusa ya siku 8 kwa sababu ya matatizo ya kifamilia, na kwamba anatumaini ombi lake litakubaliwa. Akaipeleka kwa mwalimu mkuu, mama mtu mzima aliyefundisha miaka mingi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu." Akaisoma, kisha akaiweka mezani. "Pole kwa mama. Lakini barua hii inanieleza wewe unakokwenda tu. Hainielezi watoto watakuwa na nani. Nikiipeleka kama ilivyo, huko juu wataniuliza mimi, nami sina jibu. Kaiandike upya."

Kijana akatoka amekasirika kidogo. Alidhani kuuguliwa na mama ni sababu ya kutosha. Lakini tazameni sheria isemavyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 zenye malipo akiuguliwa au kufiwa na mtoto wake, au akifiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mzazi aliye mgonjwa hakutajwa katika orodha hiyo. Kwa hiyo kijana wetu hakuwa akidai haki iliyoandikwa, alikuwa akiomba. Na mwenye kuomba hana budi kumrahisishia kazi yule anayeombwa.

Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, nazo huhesabiwa mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwamo. Walimu kwa kawaida huzichukua shule zikiwa zimefungwa. Kijana akaona njia: aombe siku zake zikatwe humo. Tangu tarehe 8 mpaka tarehe 17 ni siku 10 za mfululizo. Zingebaki siku 18.

KUHESABU VIPINDI KABLA YA KUANDIKA

Jioni ile akakaa na ratiba ya shule, kalamu na karatasi. Ndipo alipotambua kwamba siku si kipimo kizuri. Kipimo ni kipindi. Yeye alikuwa na vipindi 4 kila siku, kila kimoja cha dakika 40: Hisabati Darasa la 4, la 5 na la 6, na Kiswahili Darasa la 4. Kwa siku 8, hivyo ni vipindi 32. Maana yake, mara 32 watoto wangekaa wakitazama mlango.

Kisha akavigawa vipindi hivyo katika mafungu matatu. Hili ndilo jambo kubwa katika habari yetu, basi tulieleze polepole.

Fungu la kwanza ni vipindi vya somo jipya. Hapo anatakiwa mtu anayelijua somo, awezaye kusimama ubaoni, kuulizwa na kujibu. Fungu la pili ni vipindi vya mazoezi ya jambo lililokwisha kufundishwa. Hapo anatosha mwalimu ye yote mwenye kazi iliyoandaliwa na majibu yake mkononi. Fungu la tatu ni vipindi vya jaribio. Hapo anatakiwa msimamizi tu, wa kuangalia saa na kuzuia kunakiliana.

Walimu wengi wanaoondoka huacha vipindi vyao vyote kama fungu la kwanza. Humwambia mwenzao, "Endelea pale nilipoishia." Kumbe mwenzao ni mwalimu wa Jiografia, hajafundisha sehemu tangu atoke chuoni. Anaingia darasani, anawaambia watoto wasome kimya, na kipindi kimekwisha.

Kijana akafanya kinyume. Barua yake aliiandaa siku 14 kabla ya safari, kwa hiyo alikuwa na majuma mawili mkononi. Akafungua azimio lake la kazi, lile daftari linaloonyesha mada zitakazofundishwa juma kwa juma. Katika Darasa la 5, kujumlisha na kutoa sehemu zenye asili tofauti kulikuwa kuanze siku ile ile ya safari yake. Akaisogeza mbele mada hiyo, aifundishe mwenyewe kabla hajaondoka, na marudio ya vipimo vya urefu yangoje mpaka arudi. Hakuifuta mada yo yote. Alibadili mpango tu, akaandika mabadiliko hayo katika azimio ili mwalimu wa taaluma ayaone.

Kwa njia hiyo vipindi vya somo jipya vikapungua mpaka 10: vinne vya Hisabati Darasa la 6, viwili vya Hisabati Darasa la 5, viwili vya Hisabati Darasa la 4, na viwili vya Kiswahili. Vipindi vya mazoezi vikawa 18. Majaribio yakawa 4, moja kwa kila somo, siku za mwisho.

KUWATAFUTA WENZAKE

Hapo tena wako wanaokosea. Huandika katika barua kwamba walimu wenzao watawashikia vipindi, bila kumwuliza hata mmoja. Barua ikikubaliwa, wenzao hupata habari ubaoni, na moyo wa kusaidia umekwisha kabla ya kazi kuanza.

Kijana aliwaendea mmoja mmoja, na ratiba mkononi, akimwonyesha kila mtu nafasi zake mwenyewe. Mwalimu wa Sayansi, anayejua Hisabati vizuri, alikubali vile vipindi 8 vya somo jipya la Hisabati, kimoja kila siku. Mwalimu wa Kiswahili wa Darasa la 3 akakubali vipindi 8 vya Kiswahili Darasa la 4, kimoja kila siku. Vikabaki vipindi 16 vya Hisabati, vya mazoezi na majaribio. Mwalimu wa Jiografia akachukua 8, na mwalimu wa Kiingereza 8. Basi kila mmoja wa hao wanne aliongezewa kipindi kimoja tu kwa siku. Mzigo wa mtu mmoja ukigawanywa hivyo haumlemei mtu.

Palikuwa na pingamizi moja. Alhamisi kipindi cha tano, Darasa la 6 walikuwa na Hisabati, na wote wanne walikuwa darasani mwao saa ile ile. Kijana hakuliacha jambo hilo lijitatue lenyewe. Alimwomba mwalimu wa Michezo, ambaye alikuwa na Darasa la 6 kipindi cha pili, wabadilishane: Michezo iende kipindi cha tano, na Hisabati ije kipindi cha pili, wakati mwalimu wa Jiografia yu huru. Akaandika katika barua: mabadiliko hayo ni kwa Alhamisi mbili tu, tarehe 9 na tarehe 16.

Tena akakumbuka kwamba juma la tarehe 13 lilikuwa zamu yake ya kusimamia shule, kupiga kengele, kukagua usafi na kuandika taarifa za siku. Akabadilishana zamu na mwenzake. Mahudhurio ya Darasa la 5, ambalo yeye ndiye mwalimu wake wa darasa, akayakabidhi kwa mwalimu wa Kiingereza. Na kuhusu malipo ya fadhila, aliahidi kumshikia kila mmoja wa wale wanne vipindi 2 kwa juma, kwa majuma manne baada ya kurudi, mpaka vile 8 vitimie. Deni la namna hiyo likiandikwa halisahauliki, wala halizai manung'uniko.

MADAFTARI 233 KWA SIKU

Sasa tuje kwenye jambo linalosahauliwa kuliko yote, yaani kusahihisha.

Darasa la 4 lilikuwa na watoto 58, Darasa la 5 watoto 62, na Darasa la 6 watoto 55. Kwa kuwa Darasa la 4 huandika Hisabati na Kiswahili, kila siku yangekuwapo madaftari 233. Ukitumia dakika 1 tu kwa daftari moja, ni karibu saa 4 za kusahihisha kila siku. Nani kati ya wale wanne, wenye madaftari yao wenyewe, angeweza kuongeza hata saa moja? Ukimwachia mwenzako mzigo huo bila kusema neno, atafanya moja kati ya mawili: ataweka alama ya vyema kila mahali bila kusoma, au atayarundika madaftari ofisini, na watoto hawatakuwa na pa kuandikia kesho yake.

Kijana akapanga hivi. Katika vipindi vya mazoezi, dakika 10 za mwisho ziwe za kusahihisha darasani. Watoto wabadilishane madaftari na wenzao wa dawati la nyuma, mwalimu asome majibu kutoka karatasi aliyoachiwa, na kila msahihishaji aandike jina lake chini ya kazi. Katika vipindi vya somo jipya, mwalimu wa Sayansi apite kati ya madawati na kuchukua madaftari 10 tu ya kuyasahihisha, kila siku ya watoto wengine. Hayo yatamwonyesha kama darasa limeelewa. Majaribio yasisahihishwe na mtu. Yafungwe kwa kamba darasa kwa darasa na kuwekwa katika kabati la ofisi, mpaka mwenyewe arudi. Kadhalika insha moja ya Kiswahili imngoje yeye, kwa maana kusahihisha insha ya mtoto kunataka mtu anayejua mtoto huyo aliishia wapi juma lililopita.

KAZI ILIYOANDALIWA

Barua ilitaja pia kazi itakayoachwa, nayo haikuishia kwenye maneno "kazi ipo kitabuni." Kwa kila kipindi cha mazoezi, kijana aliandika maswali kwa herufi kubwa juu ya karatasi ya manila, moja kwa kipindi kimoja. Msimamizi hana haja ya kutumia robo saa akinakili ubaoni. Huitundika manila kwa misumari miwili, na kazi inaanza.

Nyuma ya kila manila alibandika karatasi ndogo kwa ajili ya msimamizi tu. Hebu tuisome ile ya Darasa la 5, Jumatano tarehe 8:

"Kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Dakika 5: wakumbushe mfano wa 1/2 + 1/3. Asili 2 na asili 3 zinakutana katika 6; kwa hiyo 3/6 + 2/6 = 5/6. Dakika 25: wote wafanye swali la 1 hadi la 8. Wanaomaliza upesi waendelee na la 9 hadi la 12. Dakika 10: kusahihisha. Majibu yako hapa chini. Ukimwona mtoto ameandika 2/5, amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Usimwambie jibu, mwulize kama 2/5 ni kubwa kuliko nusu au ni ndogo, naye atashtuka mwenyewe, kwa maana alianza na nusu akaongeza, kisha akapata pungufu ya nusu."

Tazameni, ndugu wasomaji, maneno hayo ya mwisho. Mwalimu wa Jiografia akiyasoma anaweza kumsaidia mtoto kana kwamba ndiye mwalimu wa Hisabati. Mwalimu anayelijua darasa lake anajua pia makosa yatakayotokea, na kuyaandika mapema ni msaada mkubwa kuliko kuongeza maswali 20.

Maswali ya 9 hadi 12 nayo yana maana yake. Kazi inayowatosha watoto wa katikati huwaishia wepesi katika dakika 15. Mtoto aliyemaliza na asiye na la kufanya ndiye anayeanzisha fujo, na fujo za siku ya kwanza humfanya msimamizi asirudi siku ya pili.

Kabla ya kufunga kazi hiyo, alimpa mwenzake majibu yote ayapitie. Likaonekana kosa. Katika kazi ya siku ya pili, 2/3 + 1/4 lilikuwa na jibu 7/12, nalo kwa kweli ni 11/12, yaani 8/12 na 3/12. Kama kosa hilo lisingeonekana, watoto waliopata sawa wangewekewa mkasi, na msimamizi asingekuwa na njia ya kujua. Karatasi ya majibu yenye kosa ni mbaya kuliko kukosa karatasi kabisa.

BARUA YA PILI

Ndipo akaandika barua mpya kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya, kupitia kwa Mwalimu Mkuu na Afisa Elimu Kata. Mwalimu wa shule ya serikali hufanya kazi chini ya halmashauri, ndiyo maana barua hupanda kwa ngazi hizo. Zipo ofisi ambazo siku hizi hutaka ombi lijazwe pia kwa njia ya kompyuta, lakini mambo yanayotakiwa ni yale yale. Iliandikwa hivi:

"Naomba ruhusa ya kutokuwapo kazini kuanzia Jumatano tarehe 8 hadi Ijumaa tarehe 17, na kuripoti Jumatatu tarehe 20. Sababu ni kumpeleka mama yangu mzazi hospitali kupasuliwa jicho. Karatasi ya miadi imeambatishwa. Naomba siku hizo 10 zikatwe katika likizo yangu ya mwaka.

"Vipindi vyangu katika siku hizo ni 32. Jedwali lililoambatishwa linaonyesha kila kipindi, darasa, saa na mwalimu atakayekishika. Walimu wanne wamekubali, na sahihi zao ziko chini ya jedwali. Kazi ya kila kipindi imeandaliwa pamoja na majibu, nayo itakabidhiwa kwa mwalimu wa taaluma Jumatatu tarehe 6. Mazoezi yatasahihishwa darasani. Majaribio 4 nitayasahihisha mwenyewe na kukabidhi alama Ijumaa tarehe 24. Funguo za kabati la vitabu ataziweka Mwalimu Mkuu. Mwalimu mmoja akipata dharura, mwalimu mkuu msaidizi amekubali kushika kipindi chake."

Mwalimu mkuu akaisoma, akacheka. "Sasa, Mwalimu, hata mimi naweza kuijibia." Akaandika maoni yake chini na kuipeleka siku ile ile. Kijana hakufunga mzigo wake mpaka jibu lilipofika kwa maandishi, maana mtumishi akiondoka kwa kutegemea ahadi ya mdomo anaweza kuhesabiwa kuwa ametoroka kazi.

Mnaona mambo ya barua hiyo ni machache: siku gani, kwa nini, nani atashika nini, kazi gani imeachwa, nani atasahihisha, na mwenyewe atarudi lini. Yenyewe haikuzidi ukurasa mmoja. Mengine yote yalikuwa katika jedwali.

ALIYOYAKUTA ALIPORUDI

Mama alipasuliwa salama. Jumanne asubuhi bendeji ilipofunguliwa, aliutazama mkono wake mwenyewe kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba umezeeka sana.

Jumatatu tarehe 20 mwalimu alikuwa shuleni. Jambo la kwanza alilotafuta ni karatasi aliyoiacha imebandikwa ndani ya mlango wa kila darasa, ambamo kila aliyeshika kipindi aliandika tarehe, jina lake na swali la mwisho walilofika. Karatasi hiyo ilimwambia ukweli. Katika vipindi 32, vipindi 31 vilishikwa. Kimoja cha Darasa la 6, Jumanne tarehe 14, hakikupata mwalimu: mwalimu wa Sayansi aliitwa kwenye mkutano, na mwalimu mkuu msaidizi hakuambiwa. Kiranja alisimama mbele akiandika majina ya wapiga kelele, na watoto wengi walifanya maswali matatu tu. Upungufu ulikuwa kwamba jina la msaidizi liliandikwa katika barua, lakini halikuandikwa pale mlangoni, ambapo kiranja angeliona na kumkimbilia.

Kisha akasahihisha majaribio. Katika Darasa la 5 watoto 60 kati ya 62 walikuwapo. Kujumlisha kulikwenda vizuri. Lakini katika swali la 3 1/4 kutoa 1 1/2, watoto 17 waliandika 2 1/4, badala ya 1 3/4. Walikuwa wametoa 1 katika 3, kisha wakaona kwamba nusu haitoki katika robo, wakageuza: wakatoa robo katika nusu. Ajabu ni kwamba katika madaftari yao ya mazoezi maswali ya namna hiyo yalikuwa na alama ya vyema. Wenzao wa dawati la nyuma walikuwa wamewaonea huruma.

Hapo ndipo penye mpaka wa kusahihishana darasani. Njia hiyo humsaidia mtoto kujua jibu sahihi siku ile ile, lakini alama zake si za kuaminiwa. Ndiyo sababu jaribio linalosahihishwa na mwalimu mwenyewe haliwezi kuachwa. Bila lile jaribio, kijana angetazama vyema nyingi madaftarini, angeendelea na mada nyingine, na watoto 17 wangebaki na kosa lile mpaka mwisho wa mwaka. Yeye alilirudia somo hilo kwa kipindi kimoja, akigawanya chungwa mbele yao, kisha marudio ya vipimo yakaanza siku moja baadaye kuliko alivyopanga. Hasara yote ya siku zile 8 ikawa kipindi kimoja cha kurudia, na kile cha Darasa la 6 kilichokosa mwalimu.

MAHALI AMBAPO MPANGO HUU HAUTOSHI

Lazima tuseme kweli. Mpango kama huu unafaa kwa siku chache, pengine mpaka majuma mawili. Mwalimu aliyejifungua ana siku 84 za likizo kwa sheria, na siku 100 akijifungua pacha. Manila na wenzake wanne hawawezi kubeba muda huo. Hapo ratiba ya shule nzima hupangwa upya, au hutafutwa mwalimu wa kushika nafasi. Tena katika shule yenye walimu wanne kwa madarasa saba, hakuna aliye na kipindi huru. Hapo mwalimu apunguze siku zake, aache mazoezi ya madarasa mawili yaliyo jirani yasimamiwe na mtu mmoja anayesimama mlangoni, na kila somo jipya lingoje arudi. Kuwasongamanisha watoto 120 katika chumba kimoja hakusaidii kitu.

Nanyi wazazi, mkisikia mwalimu kasafiri, msianze na lawama. Fungueni daftari la mtoto. Tazameni tarehe. Kama kila siku ina kazi, na chini yake kuna jina la aliyesahihisha, jueni kwamba mwalimu huyo aliwaaga watoto wenu vizuri. Kama tarehe zinaruka kutoka 7 mpaka 20, basi mnalo swali la haki la kupeleka katika mkutano wa wazazi na walimu. Na swali lenyewe msimwulize kwa nini aliondoka. Mwulizeni ni nani aliyeshika vipindi vyake, na kazi aliyoiacha iko wapi.